Namba 5,000, kodi ileile: kwa nini mti wangu unakata kwenye kina na wa mwenzangu unapita?

Kibogoyo_wa_Kodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina asaimenti ya miundo ya data. Tumepewa faili la namba 5,000 za wanachama wa SACCOS ya kubuni, tuziingize kwenye mti wa kutafutia, ndogo kushoto na kubwa kulia, kisha tuzichape kwa mpangilio. Kuingiza nimetumia lupu ya kawaida, inamaliza ingawa inajivuta kwa sekunde kadhaa. Kasheshe iko kwenye kuupita mti:

```python
def pitia(nodi):
    if nodi is None:
        return
    pitia(nodi.kushoto)
    print(nodi.namba)
    pitia(nodi.kulia)
```

Inaanza vizuri tu, inachapa namba moja baada ya nyingine, ikikaribia ya elfu moja inakata:

```
  [Previous line repeated 995 more times]
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Nikipunguza faili libaki na namba 990 inapita. Nikiweka 1,000 inakata. Mwenzangu ana kodi hiyohiyo herufi kwa herufi, na yake inachapa zote 5,000. Tofauti pekee tuliyoiona ni kwamba yeye alizivuruga kwanza kwa `random.shuffle`, mimi nimezisoma kama zilivyo kwenye faili, na humo zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa.

Kinachonitatiza: nodi ni 5,000 kwake na kwangu. Kila nodi inatembelewa mara moja kwake na kwangu. Hiyo nafasi inayozidi kwangu inatoka wapi?

---

Chuma_Mboga

Mkuu usijitese. Kupita mti ni lazima uguse nodi zote, kwa hiyo nafasi ni O(n) kwenye mti wowote ule. Mwenzako kabahatisha tu. Weka hii juu ya faili ulale:

```python
import sys
sys.setrecursionlimit(100000)
```

---

DukaMtandao

Kompyuta yako ina RAM kiasi gani? Mimi nilikuwa na GB 4, programu zilikuwa zinakata ovyo. Nimepandisha hadi 16 na sijaona tena tatizo.

---

Bi_Mshumaa

DukaMtandao, RAM haihusiki hapa. Ungempa hata GB 64, angekata palepale karibu na nodi ya elfu. Python inahesabu fanksheni ngapi zimefunguliwa na bado hazijarudi, na ikifika 1,000 inasimamisha kazi. Hiyo ni hesabu ya miito, si hesabu ya baiti. Imewekwa kusudi, ili ukikosea kwenye kodi upewe ujumbe unaosomeka badala ya programu nzima kuzimika.

Chuma_Mboga, ulichosema kuhusu kugusa nodi zote ni kweli, ila kinahusu muda. Nafasi ni hesabu nyingine. Tuchukue mti mdogo wa nodi saba tuuhesabu kwa vidole.

Namba 1 hadi 7. Mti wa kwanza umesawazika: 4 iko kwenye mzizi, 2 na 6 chini yake, halafu 1, 3, 5, 7. Mti wa pili umeingizwa kwa mpangilio, kwa hiyo 2 iko kulia kwa 1, 3 kulia kwa 2, hivyo hivyo mpaka 7. Huo ni mti kwa jina tu, ukiuangalia ni mlolongo.

Sasa hesabu `pitia` inaitwa mara ngapi kwa jumla. Kila nodi inaita mara mbili, kushoto na kulia, hata kama upande huo ni `None`. Mara mbili kwa saba ni 14, ongeza wito wa kwanza kabisa, jumla 15. Mti wa kwanza ni 15, na wa pili ni 15. Kwa n yoyote ni 2n + 1, mti uwe na umbo gani. Mpaka hapa Kibogoyo yuko sahihi, hakuna tofauti.

Lakini wito ukirudi, fremu yake, yaani nafasi unapotunza vitu vyake, inaondolewa kwenye staki na nafasi ileile inatumiwa na wito unaofuata. Kwa hiyo swali si umeita mara ngapi. Swali ni fremu ngapi ziko hai kwa wakati mmoja pale zilipo nyingi zaidi. Kwenye mti uliosawazika, ukiwa umefika chini kabisa upande wa kushoto, zilizo hai ni ya 4, ya 2, ya 1 na ile ya `None` chini ya 1. Nne. Ukimaliza na 1 unarudi juu, fremu zinapungua, unashuka tena kwa 3, zinakuwa nne tena. Katika kazi yote hazizidi nne. Kwenye mlolongo, ukifika 7 zilizo hai ni za 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7 na ile ya `None`. Nane.

Kwa saba ni nne dhidi ya nane, hutishiki. Kwa nodi 5,000, mti uliosawazika vizuri una ngazi 13, kwa hiyo fremu 14. Mlolongo una fremu 5,001. Hapo ndipo nafasi yako ilipo, Kibogoyo. Kwa hiyo nafasi ni O(h), h ikiwa kina cha mti.

---

Kibogoyo_wa_Kodi

Nimeelewa kuhusu fremu zilizo hai, ahsante sana dada. Lakini kuna jambo bado. Kwangu namba ilikuwa imeshachapwa kabla ya kwenda kulia. Fremu ya namba 1 imeshamaliza kushoto, imeshachapa, imeita kulia, basi. Haina kazi nyingine. Inangoja nini?

---

Bi_Mshumaa

Haingoji kitu cha maana. Inangoja wito wa kulia urudi ili nayo irudi. Kuna kompaila zinazoliona hilo na kuiondoa fremu mapema. Python haifanyi hivyo, kwa uamuzi, kwa sababu wanataka ukipata hitilafu uone mlolongo mzima wa miito iliyokufikisha pale. Kwa hiyo unalipia fremu 5,000 zisizo na kazi.

Na ndiyo maana kwako ilichapa karibu namba elfu kabla ya kukata. Jaribu kuligeuza faili, kubwa kwenda ndogo. Mti utainama kushoto, na utaona inakata bila kuchapa hata namba moja, kwa sababu sasa inashuka kwanza mpaka chini kabisa na kila fremu bado inadaiwa `print` yake. Ukikutana na hitilafu hii kwenye kodi ya mtu mwingine, hiyo ni njia ya haraka ya kujua mti umeinama wapi: angalia mstari uliorudiwa kwenye ujumbe wa hitilafu ni ule wa `kushoto` au wa `kulia`.

---

Fundi_Lupu

Kabla ya dawa, kipimo. Pima kina cha mti kwanza:

```python
def kina(nodi):
    if nodi is None:
        return 0
    return 1 + max(kina(nodi.kushoto), kina(nodi.kulia))
```

---

Kibogoyo_wa_Kodi

Nimeijaribu. Imekata na hitilafu ileile 😂

---

Bi_Mshumaa

Lazima ikate, maana nayo inashuka kwa kujiita kwenye mti huohuo. Kina kipime wakati wa kuingiza. Lupu yako ya kuingiza tayari inashuka hatua kwa hatua kutafuta pa kuweka namba mpya, basi hesabu hizo hatua na utunze kubwa kuliko zote. Haikugharimu kitu. Kwenye faili lililopangwa utapata ngazi 5,000. Kwa mwenzako aliyevuruga, utapata kitu kati ya 25 na 35, kinabadilika kidogo kila anapovuruga upya.

Pia hizo sekunde ulizosema kuingiza kunajivuta ni dalili ya ugonjwa huohuo. Kila namba mpya inatembea mlolongo mzima mpaka mwisho, kwa hiyo namba 5,000 zinatumia hatua karibu milioni 12.5. Kwenye mti uliosawazika zingekuwa elfu sitini hivi. Mara nyingi mti ulioinama unakupa ishara kwenye muda kabla haujakupa kwenye staki.

---

Msee_wa_Lakeside

Wasee, mimi niko na kisa cha C na hiki kitu kilinisumbua. Nilifanya jaribio la nodi milioni tano, zote zinaenda kulia. Sikuziingiza kwa njia ya kawaida, singemaliza hadi leo, niliziunga moja kwa moja nikiwa na pointa ya nodi ya mwisho. Kodi ya kupita ni kama ya Kibogoyo tu:

```c
void pitia(Nodi *n) {
    if (!n) return;
    pitia(n->kushoto);
    printf("%d\n", n->namba);
    pitia(n->kulia);
}
```

Nikikompaili na `gcc -O0` napata `Segmentation fault`. Nikikompaili na `gcc -O2` inamaliza vizuri, namba zote milioni tano. Mti ni uleule, mashine ni ileile. Hiyo O(h) yenu imeenda wapi?

---

Chuma_Mboga

Ndio hapo sasa. Nilisema ni bahati.

---

Bi_Mshumaa

Si bahati. Hicho kisa ndicho kizuri kuliko vyote kwenye uzi huu, kwa sababu kinajibu swali la Kibogoyo kuhusu fremu isiyo na kazi.

Kwenye `-O2`, gcc inaona kwamba `pitia(n->kulia)` ni jambo la mwisho kabisa kwenye fanksheni. Badala ya kuita tena, inaweka `n->kulia` ndani ya `n` na kuruka kurudi juu. Inakuwa lupu. Kwa hiyo kwenda kulia hakuongezi fremu hata moja, na mti wako wote umeenda kulia. Staki yako haikukua kabisa.

Kwenye `-O0` haifanyi hivyo. Kwa fanksheni hiyo kwenye mashine ya kawaida ya biti 64, kila wito unakula karibu baiti 32: anwani ya kurudi, rejista moja iliyohifadhiwa, na nafasi ya `n` pamoja na ya kujazia. Milioni tano mara 32 ni megabaiti 160. Andika `ulimit -s` kwenye Linux, mara nyingi itakuambia 8192, yaani kilobaiti hizo, sawa na megabaiti 8. Umekufa ukiwa na nodi laki mbili na sitini hivi tu.

Linganisha na nodi hizohizo milioni tano zikiwa zimesawazika. Ngazi 23, fremu 24, mara baiti 32, ni baiti 768. Haifiki hata kilobaiti moja.

Sasa fanya jaribio la pili: unga milioni tano zote kwenda kushoto, kompaili kwa `-O2`, tuambie.

---

Msee_wa_Lakeside

Nimefanya. `Segmentation fault`, na haijachapa kitu. Haki ya nani.

---

Bi_Mshumaa

Kwa sababu wito wa kushoto si wa mwisho. Baada yake kuna `printf`, na ili ichape lazima ikumbuke `n`. Hakuna ujanja wa kompaila unaoweza kufuta kumbukumbu ambayo bado inadaiwa. Kompaila inaweza kuikunja fanksheni ndani yake yenyewe ngazi kadhaa ili kupunguza idadi ya fremu, lakini kila ngazi ya kushoto bado inahitaji angalau pointa yake itunzwe mahali.

Kwa hiyo ukiwa na `-O2`, kinachokula staki si urefu wa mti wote. Ni idadi kubwa kuliko zote ya hatua za kushoto kwenye njia moja kutoka mzizini. Mti uliopinda zigizaga, kushoto kulia kushoto kulia, utakula nusu.

Kibogoyo anaweza kufanya kwa mkono kile gcc inachofanya:

```python
def pitia(nodi):
    while nodi is not None:
        pitia(nodi.kushoto)
        print(nodi.namba)
        nodi = nodi.kulia
```

Kwa faili lake lililopangwa, kina cha miito ni viwili tu. Kwa faili lililogeuzwa, inakata kama mwanzo.

---

DukaMtandao

Samahani kuuliza, mimi nina duka la mtandaoni, bidhaa zimepangwa kwa makundi: Nguo, ndani yake Wanaume, ndani yake Mashati, ndani yake Mikono Mirefu. Menyu inachorwa kwa fanksheni inayojiita. Kuna bidhaa kama elfu tatu. Na mimi nitafute namna ya kusawazisha?

---

Fundi_Lupu

Mkuu, wako una ngazi nne. Bidhaa zikiwa elfu tatu au laki tatu, bado ni ngazi nne, labda tano. Huna tatizo. Kinachoangaliwa ni kwenda chini, si upana.

---

Bi_Mshumaa

Sawasawa. Nitaongeza jambo moja kwa DukaMtandao. Kama makundi yanaandikwa na watu kwenye jedwali, na kila kundi lina safu ya "mzazi", siku mtu akiweka Mashati kuwa mzazi wa Nguo utapata duara, na fanksheni ikianzia kwenye Nguo itashuka bila mwisho. Hitilafu itakuwa hiyohiyo ya kina, lakini chanzo si mti kuinama, na kuongeza kikomo hakutakusaidia kitu. Ukiona kina kimepita ngazi kumi kwenye menyu ya duka, tafuta duara.

---

Chuma_Mboga

Bado sijajibiwa kuhusu `setrecursionlimit`. Mimi nimeweka 1,000,000 kwenye mashine yangu, nimepitisha mlolongo wa laki tano, imemaliza. Tatizo liko wapi?

---

Bi_Mshumaa

Python yako ni toleo gani?

---

Chuma_Mboga

3.12.

---

Bi_Mshumaa

Ndiyo maana. Kuanzia 3.11, fanksheni ya Python ikiita fanksheni ya Python, wito huo hauli tena staki ya C iliyo chini yake. Fremu zinakaa kwenye memori ya kawaida, kwa hiyo unaweza kushuka mpaka memori ikuishie. Kwenye 3.10 na kurudi nyuma, kila wito wa Python ulikuwa unabeba pia fremu za C za kiendeshi chenyewe. Ukiondoa kizuizi pale, unafika mwisho wa megabaiti 8 na mchakato mzima unazimika kwa `Segmentation fault`. Hupati ujumbe unaosomeka, na hakuna `try` itakayoukamata. Kodi yako ikienda kwenye seva yenye toleo la zamani utaona.

Na hata kwenye 3.12 nafasi bado ni O(h). Umehamisha tu mahali inapokaa.

---

Chuma_Mboga

Kwa nodi 5,000 sioni haja ya makelele yote haya. Weka 10,000, kabidhi asaimenti, nenda kale.

---

Fundi_Lupu

Chuma_Mboga kwa hilo simpingi sana 😄 ila njia safi ni kuachana na kujiita kabisa. Tumia staki yako mwenyewe kwenye orodha, nafasi inakuwa O(1):

```python
def pitia(nodi):
    staki = []
    while staki or nodi:
        while nodi:
            staki.append(nodi)
            nodi = nodi.kushoto
        nodi = staki.pop()
        print(nodi.namba)
        nodi = nodi.kulia
```

---

Bi_Mshumaa

Kodi ni nzuri, hiyo O(1) siyo. Ifuate kwenye mti ulioinama kushoto: lupu ya ndani inasukuma nodi zote 5,000 kabla ya kutoa hata moja. Orodha yako imebeba n nzima. Kwenye mti ulioinama kulia, kweli, haibebi zaidi ya nodi moja kwa wakati. Ni tabia ileile ya `-O2` ya Msee, imeandikwa kwa mkono.

Unachopata ni kwamba kila ngazi inakugharimu pointa moja, baiti 8, badala ya fremu nzima, na hakuna kikomo cha 1,000. Kwa 5,000 ni kilobaiti 40 hivi hata mti ukiinama vibaya kabisa. Kwa kazi halisi mimi ningechukua hii. Mti wa mtu mwingine, data ya mtu mwingine, huwezi kuahidi umbo.

---

Fundi_Lupu

Nimekubali. Vipi kupita kwa foleni, ngazi kwa ngazi? Hapo hakuna kushuka kabisa.

---

Bi_Mshumaa

Hapo mambo yanageuka. Mlolongo unakuwa rahisi, foleni inabeba nodi moja tu kila wakati. Mti uliosawazika ndio unakuwa mzito, kwa sababu foleni inabeba ngazi nzima. Kwa 5,000 ngazi ya 12 peke yake ina nodi 2,048. Tena hauchapi kwa mpangilio wa namba, kwa hiyo kwa asaimenti hii haufai.

---

Kibogoyo_wa_Kodi

Nimechapa kwa staki ya Fundi_Lupu, zimetoka zote 5,000. Lakini swali la mwisho la asaimenti linasema "pendekeza namna ya kuzuia kina kisikue". Nimeandika kuvuruga data kwanza kama mwenzangu. Inatosha?

---

Bi_Mshumaa

Inatosha kwa faili ulilonalo leo. Haitoshi kwa SACCOS. Namba za wanachama wapya zinatolewaje?

---

Kibogoyo_wa_Kodi

Zinafuatana. 5001, 5002...

---

Bi_Mshumaa

Basi kila mwanachama mpya ana namba kubwa kuliko wote waliomo, kila mmoja anakwenda kulia kabisa na kuning'inia chini ya aliyemtangulia. Ulianza na mti uliovurugwa wenye ngazi 30 hivi. Ukisajili wapya 600, kina kimepita 600, ijapokuwa zile 5,000 za mwanzo zimetulia vizuri. Wakifika elfu moja, `pitia` yako ya mwanzo inakata tena, na safari hii aliyeivuruga data atashangaa kwa nini.

Kama data haibadiliki na tayari imepangwa, usiivuruge. Chukua namba ya katikati iwe mzizi, nusu ya kushoto ijengwe kwa njia hiyohiyo, na ya kulia vilevile. Unapata ngazi 13 kamili, na hata fanksheni inayojenga, ikijiita, haishuki zaidi ya hapo. Kama namba zinaongezeka kila siku, unahitaji mti unaojisawazisha wenyewe kila unapoingiza. AVL, wa Adelson-Velsky na Landis wa mwaka 1962, unakuhakikishia kina kisichozidi takriban mara 1.44 ya logi ya n kwa kizio 2. Kwa 5,000 ni ngazi 17 kwa hali mbaya kabisa, hata ukiingiza kwa mpangilio.

---

Chuma_Mboga

Kama faili limeshapangwa si asome tu mstari kwa mstari achape? Mti wa nini?

---

Kibogoyo_wa_Kodi

Mkuu ni asaimenti, mhadhiri anataka mti 😂

---

Msee_wa_Lakeside

Bi_Mshumaa, nirudi kwangu kidogo. Ile ya milioni tano kulia, ya `-O2`, ilichapa zote vizuri. Halafu programu ikafa mwishoni, baada ya namba ya mwisho. Nimeona ni hapa kwa kuachilia memori:

```c
void bomoa(Nodi *n) {
    if (!n) return;
    bomoa(n->kushoto);
    bomoa(n->kulia);
    free(n);
}
```

---

Bi_Mshumaa

Angalia kilicho cha mwisho. Ni `free(n)`, si wito wa kulia. Kwa hiyo wito wa kulia una deni, fremu zote milioni tano zinabaki hai, na `-O2` haikuokoi upande wowote. Tunza pointa ya kulia pembeni, achilia nodi, ndipo uende kulia:

```c
void bomoa(Nodi *n) {
    while (n) {
        Nodi *k = n->kulia;
        bomoa(n->kushoto);
        free(n);
        n = k;
    }
}
```

Hii haitegemei kompaila tena, itapita hata kwa `-O0`, mradi mti umeinama kulia.

---

Msee_wa_Lakeside

Imepita. Na wa kushoto?

---

Fundi_Lupu

Hapo naona ujanja. Kama mti unabomolewa hata hivyo, kuuharibu umbo si dhambi. Kila ukikuta nodi ina mtoto wa kushoto, mzungushe apande juu, yule aliyekuwa juu awe mtoto wake wa kulia, na mtoto wake wa kulia wa awali ahamie kushoto kwa huyo aliyeshuka. Ukifika kwa asiye na kushoto, mwachilie na uende kulia. Hakuna staki, hakuna kujiita.

---

Bi_Mshumaa

Ndiyo, hiyo kweli ni O(1). Na muda haupotei, kwa sababu kila mzunguko unaingiza nodi moja kwenye mstari wa kulia na haitoki tena, kwa hiyo mizunguko haizidi n. Usithubutu tu kuufanya huo mchezo kwenye mti ambao uzi mwingine wa programu bado unausoma.

---

Msee_wa_Lakeside

Najaribu nao wa kushoto, nitarudi na majibu.